"Ipo BRELA": maneno yangu mawili yalivyofika Kibaigwa

Jumanne moja, saa nne asubuhi, nilikuwa namjazia kijana wa Nkuhungu maombi ya jina la biashara, duka la vipuri vya pikipiki, mara simu ikalia. Ujumbe wa Wasapu kutoka kwa dada mmoja wa kwaya yetu. Juu yake palikuwa na yale maandishi madogo: Imesambazwa mara nyingi.

"MWANASHERIA WA DODOMA ATHIBITISHA! Nimeangalia. Kampuni ipo BRELA, imesajiliwa na iko hai. Wenye mashaka mpooo?"

Sentensi mbili za katikati nilizitambua. Ni zangu.

Nilikuwa nimemwandikia mama mdogo wiki tatu nyuma. Aliniomba nimwangalizie BRELA, kwa wakala wa serikali wa kusajili kampuni, kampuni moja ya biashara ya mtandao wa watu, ile ya kuuza chai ya tiba na sabuni kwa kuingiza watu kulia na kushoto. Nikaangalia, nikamjibu, nikarudi kwenye kazi zangu. Jibu langu likatoka kwenye simu yake, likaingia kwenye kundi la timu yake, likavishwa kichwa cha habari, na sasa lilikuwa linanirudia mwenyewe likiwa na wakili ndani yake.

Mimi si mwanasheria. Nina meza moja kwenye steshenari, mjini hapa Dodoma, na kazi yangu ni kuwajazia watu fomu.

## Ninachokiona ninapoangalia

Kwa miezi miwili nimekuwa najiuliza kama nilidanganya. Sikudanganya. Nilichoandika kilikuwa kweli neno kwa neno, na ndiyo maana kimenisumbua.

Ukitafuta jina la kampuni kwenye mfumo wa BRELA wa usajili kwa mtandao, ule wa ORS, unapata jina lenyewe, namba, tarehe ya kusajiliwa na hali yake. Ukiomba taarifa rasmi na kulipia, unapata zaidi: wakurugenzi, wanahisa, anwani. Vyote hivyo vinajibu swali moja tu: je, mtu huyu wa kisheria yupo, na nyuma yake wako akina nani?

Shughuli ya kampuni nayo imo, lakini hebu niwaambie inavyoingia. Mwombaji anachagua namba kwenye ISIC, orodha ya kimataifa ya shughuli za biashara. Anayeuza bidhaa mkononi, nyumba kwa nyumba, bila duka wala meza sokoni, huangukia 4799. Mama anayezungusha vyombo vya plastiki mtaani kwa uaminifu angechagua 4799. Anayetaka kukusanya viingilio vya watu na kuwagawia wachache walio juu naye atachagua 4799 hiyohiyo. Hakuna kisanduku kinachouliza: mtawalipa wauzaji wenu kwa kigezo gani? Nimejaza fomu hizo kwa miaka, sijawahi kukiona.

Kwa hiyo "ipo BRELA" ni sawa na kusema mtu ana kitambulisho cha NIDA. Mwizi pia anacho.

Leseni ya biashara, ya kundi A inayotoka BRELA au ya kundi B inayotoka halmashauri, inaruhusu aina fulani ya biashara kufanyika mahali fulani. TIN ni ya kodi. Ukizipanga karatasi hizi tatu ukutani kwenye fremu za dhahabu, kama walivyofanya wale jamaa kwenye ukumbi wao wa semina, bado hujasema lolote kuhusu hela inatoka wapi na inakwenda kwa nani.

Wakubwa wenzangu mnaikumbuka DECI. Watu walipanda mbegu, yaani hela, na kusubiri mavuno, na ilikuwa na jina, ofisi, foleni na risiti. Mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake kwa kuendesha upatu.

(Neno "upatu" lenyewe linatuchanganya. Upatu wa akina mama wa mtaani, ule wa kupeana kwa zamu, hauna tatizo: mko kumi, kila mmoja anatoa, kila mmoja anapokea, mchezo unakwisha bila mtu kumhitaji mgeni. Upatu unaokatazwa na Kanuni ya Adhabu ni ule ambao zamu yako haifiki mpaka mgeni aingie.)

## Jina kwenye cheti, jina kwenye simu

Sisemi usajili hauna kazi. Una kazi, ila si ile tunayoipa. Kazi yake ni kulinganisha.

Jioni ya siku ile nilirudi kwenye mfumo, safari hii bila haraka. Tarehe ya kusajiliwa: miezi saba iliyopita. Bango la semina lilisema "zaidi ya miaka 15 duniani". Yawezekana yote mawili ni kweli, kwamba kampuni mama iko nje na hii ni mpya. Lakini kampuni ya nje ikifungua tawi hapa, yenyewe kwa jina lake, inasajiliwa kama kampuni ya kigeni na kupewa cheti cha uzingativu. Hii haikuwa hivyo. Ilikuwa kampuni ya hapahapa, wanahisa wawili, jina linalofanana na lile la nje. Kisheria kampuni ya nje na hii ya hapa ni watu wawili tofauti. Wa hapa akikudhulumu, huyo wa miaka 15 hahusiki mpaka uthibitishe kuwa anahusika.

Kisha nikampigia mama mdogo.

"Mama shikamoo. Ile hela ulilipa kwa njia gani?"

"Marahaba mwanangu. Nilimtumia kiongozi wangu kwenye simu."

"Lilitokea jina gani ulipotuma?"

"Jina lake. Yeye ndiye anatuingiza."

"Risiti ulipewa?"

"Nilipewa namba ya uanachama."

Hapo ndipo usajili ulipoanza kunisaidia. Cheti kina jina la kampuni. Hela, shilingi 450,000, ilikwenda kwa mtu binafsi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ambayo ingeonyesha muuzaji ni nani, TIN yake, na kilichouzwa ni nini, haikutoka. Kampuni inayouza chai huuza chai na kutoa risiti ya chai. Kwa hiyo ile kampuni niliyoithibitisha, kwa maandishi, haikuwemo kabisa kwenye muamala wa mama mdogo.

Naambiwa wengine wamelipia kwa Lipa Namba ya kampuni na risiti wakapewa. Sawa. Basi kwao hatua hii inapita, na inabidi kwenda kwenye ile inayouma.

## Daftari la mama mdogo

Mama mdogo ana daftari la hesabu la shule, la mjukuu wake, ambalo kurasa za nyuma ameligeuza la biashara. Alinitumia picha. Mpango wa malipo ulikuwa pale kwa mwandiko wake, jinsi alivyouelewa semina, na nikaulinganisha na kipeperushi chao. Alikuwa ameuelewa vizuri kuliko mimi.

Unaingia kwa 450,000. Unapata makasha manne ya chai na pointi 100. Bei ya kasha kwa mwanachama ni 45,000, kwa mteja wa nje 60,000. Ukimwingiza mtu moja kwa moja, unapata 50,000. Kila pointi 100 za mguu wa kushoto, yaani za wote walio chini yako upande huo, zikikutana na pointi 100 za mguu wa kulia, unapata 60,000. Na kila mwezi lazima ununue kasha moja ili uendelee kuwa "hai", la sivyo bonasi zako zinapotea.

Anza na makasha manne. Kwa bei ya mwanachama yana thamani ya 180,000. Amelipa 450,000. Zile 270,000 zilizobaki zimenunua nini? Hazikununua chai. Zimenunua nafasi, yaani haki ya kuwaingiza wengine.

Swali hili moja lingetosha kuuliza siku ya kwanza mlangoni: toa bei ya bidhaa kwenye kiingilio, kinachobaki ni cha nini?

Lakini kiongozi wake alikuwa na jibu, na nilipoletewa lilinikwamisha siku mbili nzima. Alisema: "Bonasi zetu zinatokana na bidhaa. Kasha nalo lina pointi 10. Mtu akiuza makasha, pointi zinapanda. Hatumlipi mtu kwa kuingiza vichwa."

Ni kweli kasha lilikuwa na pointi 10. Basi nikakaa na kikokotoo.

Chukua watu wawili wapya, mmoja kushoto na mmoja kulia. Wameleta 900,000. Aliye juu yao anapata 50,000 mara mbili, na 60,000 ya kukutana kwa pointi. Jumla 160,000.

Sasa chukua wanachama waliokwisha kuwemo, wanunue makasha kumi kushoto na kumi kulia. Makasha 20 kwa 45,000 ni 900,000. Aliye juu anapata 60,000.

Hela ni ileile, 900,000. Ikija kwa njia ya chai analipwa 60,000. Ikija kwa njia ya kichwa kipya analipwa 160,000, na kampuni inatoa makasha manane badala ya 20.

Niliposoma hesabu ile kwa sauti, mwenzangu wa meza ya kutoa kopi aliacha mashine. "Sasa kuna mjinga gani atahangaika na makasha?"

Ndiyo hoja yenyewe. Usiulize kama bidhaa ipo. Uliza mpango unamlipa nani vizuri zaidi, anayeuza au anayeingiza. Watu si wajinga, watakimbilia kunakolipa, na biashara nzima itaelekea huko hata kama kwenye kipeperushi kumeandikwa afya njema kwa familia.

## Safu ya mwisho

Nilichora mti nyuma ya fomu iliyoharibika. Mtu mmoja juu, wawili chini yake, halafu wanne, halafu wanane. Jumla 15. Nikachukulia kila kitu kimekwenda sawa kama kwenye semina: kila mmoja wa juu kaleta wawili wake, hakuna aliyelala. Yale makasha ya kila mwezi nikayaacha nje ili nisiwaonee.

Wa juu kabisa ana watu saba kila upande. Bonasi saba za 60,000 ni 420,000, ongeza 100,000 ya wawili aliowaleta, anapata 520,000. Karudisha hela yake na kabaki na 70,000.

Wawili wanaofuata wana watatu kila upande, kila mmoja kapata 280,000. Bado anadai 170,000 zake. Wale wanne kila mmoja kapata 160,000. Wanane wa chini hawajapata kitu.

Kati ya 15, aliyepata faida ni mmoja.

"Ndiyo maana tunasema songa mbele," angesema kiongozi. Haya, tukasonga. Nikaongeza safu ya watu 16. Sasa wako 31. Wa juu ana 1,000,000. Wawili wake wana 520,000 kila mmoja, nao wamevuka. Wanne wana 280,000, wanane wana 160,000, na 16 hawana kitu.

Hapo nikaona jambo ambalo semina haiwezi kuliondoa hata ikipiga muziki kiasi gani. Safu mpya siku zote huwa na mtu mmoja zaidi ya safu zote za juu yake zikijumlishwa. Wanane dhidi ya saba. 16 dhidi ya 15. Hata mti uwe mrefu namna gani, siku unaposimama zaidi ya nusu ya waliomo wanakuwa hawajaonja chochote, na wengi wa waliobaki hawajarudisha walichotoa.

Na utasimama. Safu ya 22 peke yake inahitaji watu zaidi ya milioni 2. Mkoa wote wa Dodoma, kwa sensa ya 2022, una watu zaidi kidogo ya milioni 3, ukihesabu na vichanga vya Mpwapwa na wazee wa Bahi, na safu 21 za kwanza zingekuwa zimeshameza wengine milioni 2. Watu hawatoshi.

Mama mdogo yuko Kibaigwa. Fursa ilifika kwanza mjini, ikazunguka vyuoni na maofisini, ndipo ikapanda basi. Mpaka imfikie muuza mahindi, safu zilikuwa zimeshuka sana.

## Lakini mbona wengine wanaruhusiwa?

Swali hili aliniuliza mume wangu, na ni zuri. Kampuni za kuuza kwa mtandao wa watu zipo duniani kote na nyingine zina miongo kadhaa. Kuwa na ngazi peke yake si kosa.

Kesi inayotajwa sana ni ya Amway, Marekani. Mwaka 1979 Tume ya Biashara ya huko iliamua kwamba mpango wake wa mauzo si piramidi, yaani si upatu wa kuishi kwa wageni. Sababu hazikuwa cheti. Malipo yalitokana na bidhaa kuuzwa, si kichwa kuingia. Na kulikuwa na kanuni: kampuni inanunua tena bidhaa iliyokushinda, huruhusiwi kujaza stoo kabla ya kuuza asilimia 70 ya ulichochukua, na lazima uonyeshe umewauzia wateja kumi mwezi huo. Mwaka 2016 tume hiyohiyo ilipomalizana na Herbalife kwa dola milioni 200, iliilazimisha ibadili mfumo wa malipo ili yafungamane na mauzo halisi yanayoweza kuthibitishwa.

Hizo ni sheria za kwao. Lakini ukizisikiliza, zote zinatafuta kitu kimoja: mtu wa nje. Yule asiyetaka bonasi, asiye na mguu wa kushoto wala wa kulia, aliyetoa hela kwa sababu anataka chai.

Nikamtafuta huyo mtu wa nje kwenye daftari la mama mdogo. Kulikuwa na mmoja. Mwalimu mstaafu, kasha moja, kwa mkopo.

Kisha Jumamosi nikapita soko la Majengo, na kwenye meza moja ya vipodozi nikakuta makasha yaleyale, yamepangwa matatu. Nikauliza bei.

"Chukua kwa 30,000, dada. Ukichukua mawili nakupunguzia."

Bei ya mwanachama ni 45,000. Kuna mtu alinunua kwa 45,000 akamwachia muuza vipodozi kwa chini ya 30,000, na hakuwa kichaa. Alikuwa ananunua uhai wa mwezi, ili bonasi isipotee. Pointi alibaki nazo, kasha lilikuwa takataka ya muamala.

Ukitaka kipimo cha haraka kuliko mti wangu wote, tafuta bidhaa mtaani. Ikiwa inauzwa chini ya bei wanayoinunulia wanachama, basi wanachama hawainunui kwa ajili ya kuiuza.

Pana eneo la ukungu hapa, nakiri. Wapo wanachama wanaokunywa chai yao kweli na kuipenda, na mtu anayejinunulia si lazima awe ameibiwa. Kipimo changu hapo ni cha kienyeji: wangeendelea kununua kwa bei hiyo kama kesho bonasi zingefutwa? Mama mdogo alicheka nilipomuuliza. Chai yake ni ya tangawizi, anaichimba nyuma ya nyumba.

## Jumamosi iliyofuata

Nilipanda basi kwenda Kibaigwa. Niliona sitaweza kulisema lile la "ipo BRELA" kwa simu.

Ujumbe wa kusahihisha nilikuwa nimeshautuma kwenye kundi lao kupitia kwake: kwamba mimi si mwanasheria, kwamba usajili hauthibitishi mpango wa malipo, na kwamba anayetaka kurudishiwa aandike barua kwa kampuni, nakala aiweke, na akikataliwa aende polisi au Tume ya Ushindani akiwa na kumbukumbu za miamala. Mama mdogo akaondolewa kwenye kundi ndani ya dakika chache. Ujumbe huo haukusambazwa mara nyingi.

Magunia sita ya mahindi ndiyo yaliyolipa kile kiingilio. Kiongozi wake hakatai simu, anapokea kwa heshima zote, anasema subira.

Tulikaa nje na daftari. Nilimwomba tupitie kila shilingi iliyoingia tangu ajiunge, achana na iliyotoka. Ilikuwa moja tu: 50,000, ya jirani yake wa nyumba ya tatu, aliyemwingiza mguu wa kushoto mwezi uliopita.

Aliitazama ile namba kwa muda.

"Kwa hiyo hii haikutoka kwa kampuni."

"Ilipitia huko, mama."

"Ilitoka kwa huyu hapa." Akaonyesha kwa kidevu upande wa nyumba ya jirani, ambako kuku walikuwa wanaparua.

Aliingia ndani, akarudi na noti tano za elfu kumi zilizokunjwa kwenye kona ya kanga, na ujumbe wangu wa kwanza akiwa ameufungua kwenye simu. Akanipa kalamu.

"Njoo twende wote. Na ukifika wewe ndiye utakayemweleza hiyo BRELA yako ni nini."

Nilivaa viatu.